Malalamiko kuhusu kaunta ya mizigo ya basi lenu, Busia, Jumanne 11 Machi 2025

Habari meneja. Mimi ni kastoma wenu wa karibu miaka 4, natuma na kupokea vitenge kati ya Kikuubo kule Kampala na Busia karibu kila wiki, na hizo siku zote sijawahi kuwaandikia kulalamika, hii ndo mara ya kwanza.

Jumanne nilifika kaunta saa 3 na dakika 10 asubuhi na risiti yangu mkononi. Dada aliyekuwa dirishani alikuwa anaongea na simu, spika ziko masikioni, akaninyooshea kidole ningoje. Sawa, nikangoja. Dakika kama 20 hivi akachukua risiti, hata hakufungua daftari, akasema "haijafika" akairudisha kwa kuisukuma na kucha mpaka ikaanguka chini. Sasa meneja, mzigo wangu nilikuwa nauona! Kavera ya bluu, iko nyuma ya kiti chake, jina langu limeandikwa na maka nyeusi herufi kubwa. Nikamwonyesha. Akajibu "wewe mama unasumbua, kaa pale," halafu nilipoendelea kumweleza kwa Kiswahili akacheka akamwambia mwenzake eti hapa si Kenya. Mimi mzaliwa wa hapa hapa Busia, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Uganda kwa katiba tangu 2005, lakini hata ningekuwa Mkenya si nimelipa pesa yenu ileile?

Nikakaa. Watu 3 waliokuja nyuma yangu wakahudumiwa, pamoja na mzee wa dawa za kuku ambaye mwenyewe aliniambia nipite mbele yake, dada akakataa. Saa 6 kasoro akaja kijana wa zamu nyingine, akasoma namba, akageuka, akanipa mzigo. Hata dakika 2 hazikuisha. Huyo kijana mshukuruni.

Kitenge cha kastoma wangu nilikuwa nimeahidi saa 4, akaenda kununua kwingine, hiyo oda ilikuwa ya shilingi 180,000. Siwadai hiyo, nawaambia tu muelewe.

Na siombi dada afukuzwe, kazi ni ngumu najua. Ninachotaka ni mtu wa dirishani aangalie namba kwenye daftari na kwenye shelfu kabla ya kusema haijafika, simu ya binafsi ikae chini kastoma akiwa mbele yake, na muanze kutoa vikaratasi vya namba ili aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Pia bandikeni namba yako ya simu hapo kwenye kioo, maana nilipoomba kuongea na mkubwa niliambiwa "mkubwa ni mimi".

Picha ya risiti nimeiambatisha, muda wa kuchukua mzigo umeandikwa na yule kijana. Naomba jibu kabla ya Ijumaa tarehe 21, kwa sababu Jumamosi nina magunia 2 ya kutuma na nataka kujua kama ni kwenu au niangalie basi lingine.

Mama wa vitenge, Busia