Wasifu wa Kazi: Rehema Saidi Mkumbo, Mchambuzi wa Usalama wa Mtandao

Mkazi wa Kinondoni, Dar es Salaam. Anwani na namba ya simu zimo katika barua ya maombi.

Uzoefu

Kuanzia 2019 hadi 2021 nilikuwa mchambuzi wa ngazi ya kwanza katika kampuni ya huduma za TEHAMA, na tangu 2022 ni mchambuzi mwandamizi wa zamu katika benki ya biashara. Waajiri hawa nimewataja kwa sekta tu kwa sababu bado nafungwa na mikataba ya usiri. Majina yao nitayatoa katika usaili. Kwa sababu hiyo hiyo, wasifu huu unaeleza kazi ya mikono yangu na si hali ya mifumo niliyoilinda, wala hautaji idadi, tarehe au chanzo cha tukio lolote.

Aina za matukio

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni barua pepe za ulaghai. Husoma kwanza kichwa cha ujumbe na matokeo ya SPF, DKIM na DMARC, kisha hufungua kiambatisho ndani ya mashine pepe iliyotengwa, na kabla ya kufunga shauri hutafuta ni nani mwingine aliyepokea ujumbe ule ule. Nimeshughulikia pia programu hasidi kwenye kompyuta za watumiaji, majaribio ya kubahatisha nywila, na mashambulizi ya kulemaza huduma, ambayo hayo ya mwisho hushughulikiwa kwa pamoja na mtoa huduma wa intaneti.

Zana za ufuatiliaji

Hutumia Splunk na Wazuh kila siku, Suricata kwa trafiki ya mtandao, na Wireshark pale pakiti zenyewe zinapohitaji kusomwa. Sheria za ugunduzi huandika mwenyewe na kuzipanga kwa MITRE ATT&CK. Mfano ufuatao, unaobaini nywila zinazojaribiwa kwa akaunti nyingi kutoka anwani moja (T1110.003), umetoka katika maabara yangu ya nyumbani, kikomo cha 15 nilikiweka kwa ajili ya maabara hiyo na hakihusiani na mwajiri yeyote.

```
index=maabara EventCode=4625
| bin _time span=10m
| stats dc(TargetUserName) AS akaunti BY _time, IpAddress
| where akaunti > 15
```

Vyeti na elimu

Nina CompTIA Security+ (2021) na CompTIA CySA+ (Oktoba 2023), ambacho kilihuisha pia kile cha kwanza. Nilihitimu Shahada ya Sayansi ya Kompyuta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2018. Ripoti zangu huandika kwa Kiswahili na Kiingereza, nikizingatia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wadhamini

Wasimamizi wangu wawili wamekubali kuthibitisha vyeo, vipindi vya ajira na mwenendo wangu kazini. Naomba wasiulizwe kuhusu matukio yenyewe.