Kalenda ya chanjo na dawa za minyoo: kuku wa Pongwe, kundi la Januari 2026

Shabani, karatasi hii ikae nyuma ya mlango wa banda. Kila kazi ikiisha, andika pembeni idadi ya kuku uliowashika na namba ya toleo iliyo kwenye kichupa. Tumia kalamu ya wino, maana penseli inafutika kwa jasho.

Kundi: chotara 180, wameanguliwa Jumatatu tarehe 5 Januari 2026. Hiyo ndiyo siku ya 1. Tarehe zote nimeziweka Jumapili kwa kuwa siku hiyo huendi gereji. Chanjo tunanunua dozi 200, kwa sababu kuku 14 wa Bi Mkubwa hapo jirani tunawachanja pamoja na wetu. Wanapita kwenye uzio wakiokota punje, kwa hiyo wakiugua wao na sisi tumeugua.

KABLA YA KUFUNGUA KICHUPA

Mwaka jana tulifuata tarehe bila kukosa hata moja, na bado gumboro ilituulia vifaranga 60 kwa siku nne. Kosa lilikuwa langu. Nilikoroga chanjo kwenye maji ya bomba, na klorini ile inayoua vijidudu vya maji inaua na kirusi hai kilichomo kwenye chanjo. Nikawanywesha maji matupu nikidhani nimewachanja.

Kwa hiyo chanjo ya kunywesha inakorogwa kwa maji ya mvua ya kwenye simtangi, au ya kisima. Weka kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kijiko kimoja cha chai kwa lita, ukoroge, usubiri dakika 10, ndipo umimine chanjo. Vyombo visuguliwe kwa maji matupu tangu jana yake, bila sabuni wala dawa ya kuulia wadudu. Ondoa maji bandani saa moja kabla, wapate kiu. Jua likiwa kali usizidishe hapo, joto la Tanga huwachosha haraka. Maji ya chanjo yaishe ndani ya saa mbili. Fanya kazi alfajiri.

Kutoka dukani Ngamiani chanjo inasafiri ndani ya themosi yenye barafu. Ukiona muuzaji ameitoa kabatini badala ya kwenye friji, mrudishie kwa adabu uende duka jingine.

Kuku aliyejikunyata hachanjwi. Ukiona wengi wamezubaa, acha kila kitu unipigie mimi kwanza, halafu afisa mifugo. Chanjo ni kinga, haimponyi aliyekwisha kuugua.

VIFARANGA

5 Januari. Mareksi. Hii wanachomwa chini ya ngozi ya shingo palepale wanapototoleshwa. Kazi yako ni kuhakikisha stakabadhi imeandikwa kwamba wamechomwa. Sisi hapa tunawapa maji yenye glukosi tu na joto la bruda.

11 Januari, siku ya 7. Kideri, chanjo ya I-2, tone moja jichoni. Tone ni lilelile kwa kifaranga na kwa jogoo, usipunguze kwa kuona ni mdogo. Mlaze kiganjani ubavu, jicho moja liangalie juu, dondosha, kisha subiri apepese. Asipopepesa, tone limeteleza kwenye manyoya, rudia. Mwanaidi ashike taa na kuhesabu, wewe udondoshe.

18 Januari, siku ya 14. Gumboro, ya kunywa. Maji lita 4.

25 Januari, siku ya 21. Kideri tena, jichoni.

1 Februari, siku ya 28. Gumboro ya pili, maji lita 7. Usiiruke hata kama wanaonekana wazima. Kifaranga huzaliwa na kinga aliyorithi kwa mama yake, na kinga hiyo inaweza kuizima chanjo ya kwanza. Haiishi kwa wote siku moja, ndiyo maana tunarudia.

Katikati hapa, wiki ya 3 hadi ya 6, chungulia kinyesi kila asubuhi. Ukiona damu, hiyo ni koksidia. Wape amproliamu kwa kipimo cha kwenye kibandiko, na maranda yaliyolowa chini ya vinyweo yatolewe siku hiyohiyo. Dawa bila maranda makavu ni kupoteza hela.

MITETEA

22 Februari, siku ya 49. Ndui. Tutakuwa ndani ya mfungo, kwa hiyo tuanze mara baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijatukausha. Ndui inaenezwa na mbu, na masika ya huku kwetu mbu huwa hawasemeki. Ndiyo maana nimeitanguliza kabla ya mvua. Kunjua bawa, tafuta ngozi nyembamba isiyo na mshipa, chovya ile sindano ya ncha mbili na utoboe mara moja. Isiguse manyoya.

1 Machi, siku ya 56. Kazi mbili. Kwanza kamata kuku 20 uangalie pale ulipotoboa: lazima pawe na kipele au kigaga. Kama wengi hawana, chanjo haikushika, tunarudia. Pili, dawa ya minyoo kwa mara ya kwanza: levamisoli kwenye maji ya kunywa. Piperazini ni rahisi kwa bei, lakini inatoa minyoo mikubwa ya mviringo peke yake. Minyoo mingine inabaki inakula pumba zetu.

8 Machi, siku ya 63. Kideri jichoni. Dawa ya minyoo imetangulia wiki moja makusudi, kuku aliyejaa minyoo hajengi kinga vizuri.

15 Machi, siku ya 70. Homa ya matumbo, 9R, sindano chini ya ngozi. Atachoma afisa mifugo. Hii ni bakteria hai, kwa hiyo wiki moja kabla na wiki moja baada, antibayotiki yoyote isiingie bandani, hata ile anayoiita Bi Mkubwa "vitamini ya njano".

12 Aprili, siku ya 98. Minyoo, mara ya pili. Kabla hujakoroga, chinja mmoja aliyekonda, upasue utumbo. Ukiona vipande bapa vyeupe kama punje za wali, ni tegu, wanaowapata kwa kudonoa mbawakavu na sisimizi. Hapo tutabadili, tutatumia albendazoli.

26 Aprili, siku ya 112. Homa ya matumbo, marudio.

3 Mei, siku ya 119. Kideri, ya mwisho kabla ya yai la kwanza. Tukishaanza kuokota mayai sitaki kuwakimbiza ovyo, kwa hiyo viota viwekwe wiki hiihii.

WANAOTAGA

12 Julai na 11 Oktoba. Minyoo. Mayai ya siku 7 tangu dozi ya mwisho hayauzwi wala hayaliwi, na wajukuu wasipewe. Kibandiko kikiandika siku nyingi zaidi, tufuate kibandiko. Yafukiwe shimoni. Mama ntilie wa stendi mwambie mapema kwamba wiki hiyo hatuna trei, asije akatuhama.

2 Agosti na 1 Novemba. Kideri jichoni, usiku, wakiwa wamelala juu ya vichanja. Hapo wanashikika bila purukushani. Jogoo wa gulioni asiingie kundini; akiletwa na mgeni, afungwe peke yake siku 14.

10 Januari 2027. Minyoo.

31 Januari 2027. Kideri. Siku hiyo uje na daftari la mayai, tuhesabu nani wa kuuzwa na nani wa kubaki.

Shangazi