Ombi la dakika 15 kabla ya Alhamisi: mkataba wa matengenezo ya chumba baridi

Ndugu Mkurugenzi,

Habari za kazi. Najua wiki hii una wakaguzi na pia kikao cha bodi, kwa hiyo sitazunguka. Naomba unipe dakika 15 za kuonana nawe kabla ya Alhamisi saa 6 mchana, ambapo mkataba mpya wa matengenezo ya chumba baridi cha dawa unatarajiwa kusainiwa.

Kinachonileta ni kifungu kimoja. Mkataba unaomalizika unamtaka fundi afike ndani ya saa 4 tangu apigiwe simu. Rasimu mpya inasema atafika "mapema iwezekanavyo", basi.

Usiku wa kuamkia Jumapili mtambo ulizima saa 8. Mlinzi alinipigia, nami nikampigia fundi papo hapo. Nilipofika, kipimajoto kilikuwa kimepanda hadi nyuzi 7.4, na mpira wa mlango umechanika upande wa chini. Ukiweka kiganja pale unasikia baridi inavyotoka. Insulini na chanjo zetu zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Tulianza kuzihamishia kwenye maboksi ya barafu, tukiweka kadibodi katikati zisigusane na barafu, maana insulini ikishaganda imeharibika hata kama kwa macho inaonekana nzima. Fundi aliingia saa 11 alfajiri. Hatukupoteza hata kichupa kimoja, lakini angekuja mchana, leo ningekuwa nakuandikia taarifa ya hasara.

Nimeshazungumza na Afisa Ununuzi. Amenielewa vizuri, ila anasema kurudisha kifungu hicho kutaongeza ada ya mwaka, na ruhusa hiyo ni yako peke yako. Ndiyo maana nimekuja kwako.

Ninachohitaji ni uamuzi mmoja: turudishe saa 4, au tusaini rasimu ilivyo na tutenge fedha za mtambo wa akiba. Mimi naona turudishe saa 4, hata kama kusaini kutasogea wiki moja. Mkataba wa sasa bado unatulinda hadi mwisho wa mwezi.

Kesho Jumanne nipo ghalani tangu saa 1 asubuhi, na Jumatano nina nafasi baada ya saa 9 alasiri. Muda wowote mwingine utakaokufaa nitaupanga, hata kabla hujaanza ratiba yako. Ikishindikana kabisa, simu ya dakika 5 itatosha, au unielekeze kwa mtu uliyemkabidhi mamlaka ya jambo hili.

Nimeambatisha ukurasa mmoja wenye vifungu vyote viwili na vipimo vya joto vya usiku ule. Katibu muhtasi wako nimempa nakala ili iwe rahisi kupanga.

Nashukuru sana kwa muda wako.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa Ghala la Dawa