Madondo ya saa moja (nimelipwa kuandika haya)

Hili ni tangazo la kulipiwa. Kampuni iliyotengeneza hii sufuria ya presha ya stima, ambayo jina lake mnaliona pichani, ilinipa sufuria yenyewe bure na shilingi 35,000 juu yake. Mlioiona posti yangu ya wiki iliyopita kuhusu sufuria hii mlisoma kwamba "nimepata rafiki mpya jikoni". Jirani yangu wa chini aliisoma, akanikuta kwenye ngazi na kuniuliza, "Dada, hiyo umenunua ngapi?" Nikababaika. Nimeiandika upya ili na yeye apate jibu.

Dukani inauzwa shilingi 9,500. Mimi sikutoa hata ndururu.

Sasa madondo. Ninayapenda, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiyanunua kibandani yakiwa yamechemshwa tayari kwa sababu gesi inaniuma. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakifika kama nyuzi 94 tu badala ya 100. Ndiyo maana shangazi wa Mombasa akija kukutembelea anashangaa kwa nini maharagwe yako bado yanagonga meno. Ukifunga kifuniko cha presha, mvuke unakosa pa kutokea, msukumo unapanda, na maji yanapita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Hapo hata maharagwe ya mwaka jana yanasalimu amri.

Nilichukua gorogoro ya maharagwe ya nyayo kule Nyamakima, nikachambua (mawe yalikuwa matatu), nikaloweka nusu yake usiku kucha na nusu nikaiacha kavu. Kampuni ilitaka niandike "dakika 30". Ni kweli kitufe cha maharagwe kinahesabu 30, lakini hesabu haianzi mpaka presha ijae, na hiyo ilichukua dakika 14. Kisha nikangoja mvuke utoke wenyewe, kama robo saa nyingine. Kwa hiyo niliyoloweka yalikuwa tayari kwa saa moja kasoro dakika moja. Yale makavu niliyarudisha mara ya pili. Kwenye gesi, maharagwe kama hayo bila kulowekwa hunichukua saa mbili na nusu, nikisimama kuongeza maji kila mara.

Stima nilipima kwa mita ya nyumba, friji nikiwa nimeizima. Nilianza na yuniti 38.4, nikamaliza na 38.0. Hiyo kwa tokeni zangu haifiki shilingi 15. Kwangu hapa ndipo sufuria imeshinda, na ningelisema hata bila kulipwa, ingawa najua mtu aliyelipwa ndivyo husema.

Kuna yasiyonipendeza. Mpira wa kifuniko unashika harufu: nilipika pilau Jumamosi, Jumapili uji ukanukia bizari. Kampuni ilisoma rasimu kabla sijaichapisha, ikaniomba niitoe sentensi hiyo. Nikawaambia sentensi inabaki au pesa zinarudi, wakakubali ibaki. Maelezo ya vitufe waliyasahihisha, na walikuwa na haki, nilikuwa nimekosea kimoja. Halafu stima ikipotea katikati, na huku kwetu mtaani Umoja inapotea, unabaki na maharagwe nusu mabichi ndani ya chombo ambacho huwezi kukihamishia kwenye gesi. Usiuze jiko lako la zamani. Na ugali hausongwi humo, nisiulizwe tena.

Nani anunue? Kama mnapika githeri, ndengu au matumbo mara tatu kwa wiki, piga hesabu ya gesi yako kwanza, kisha uamue. Kama unaishi peke yako na madondo unayala mara moja kwa mwezi, nenda kibandani kwa mama wa kuchemsha. Wa kwetu ana chumvi ya kiasi na hajanilipa chochote.

Ukiwa dukani kwao mtandaoni, andika MADONDO500 mahali pa punguzo na utapunguziwa shilingi 500. Kila anayelitumia neno hilo, mimi napata shilingi 200. Litafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi. Maswali ya presha na mpira niulizeni mimi, ya waranti waulizeni wao. Jirani wa chini anajua mlango wangu: sufuria anaweza kuiazima Ijumaa, mradi airudishe bila harufu ya omena.