Buyu Moja, Ahadi Tatu: Insha ya Matangazo kuhusu Mawasiliano Jumuishi ya Masoko na Modeli ya AIDA

Shangazi yangu hupika mabuyu Makadara, Mombasa, nyuma ya duka jembamba linalotazama barabara. Disemba iliyopita, wageni wa bara walipoanza kushuka kwa treni na mabasi, aliamua kutangaza biashara yake kwa mara ya kwanza. Alitoa shilingi 18,000 kwa tangazo la redio, 8,000 kwa stika za nyuma ya tuktuk kumi, na 4,000 kwa binamu yangu ili aweke picha na video mtandaoni mwezi mzima. Jumla 30,000. Kwa mtu anayeuza paketi shilingi 50, hizo ni paketi 600, na hapo hujatoa sukari, iliki wala gesi.

Watu walikuja. Waliuliza, wakaonja, wengi wakaenda zao. Shangazi alilaumu uchumi. Mimi, ninayesomea masoko, nalaumu matangazo, ingawa kila moja likitazamwa peke yake halikuwa baya. Pesa zilivujia kwenye maungio: mteja alitoka kwenye chombo kimoja akiwa na picha fulani kichwani, akafika kwenye kingine akakuta habari nyingine.

Redio ilisema mabuyu "yamepikwa leo". Stika za tuktuk zilionyesha jahazi na maneno "Zawadi ya Mombasa". Binamu naye, kwenye status ya WhatsApp na Instagram, alipiga kelele za bei: paketi tatu kwa mia. Aliyetafuta zawadi alifika akakuta mifuko ya nailoni iliyofungwa fundo, haifai kumpelekea mkwe. Aliyefuata bei alikuta tatu ni mia na hamsini, kwa sababu binamu alijipangia punguzo bila kumwambia mwenye duka. Na aliyesikia "yamepikwa leo" kisha akaona "tatu kwa mia" alijiuliza swali la haki kabisa: kama ni ya leo, mbona yanatupwa?

Kitu kilichokosekana ndicho wanachuoni wa masoko wanachokiita mawasiliano jumuishi: vyombo vyote kusema kwa sauti moja. Wazo hilo lilipata nguvu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jina linalotajwa zaidi ni la Don Schultz wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa na watu wa matangazo chumba kimoja, wa mahusiano na umma chumba kingine, wa promosheni chumba cha tatu, kila mmoja na bajeti yake na ubishi wake. Schultz na wenzake walitaka kazi ianzie kwa mteja. Yeye havijui vyumba hivyo. Kwake redio, stika, paketi na ulimi wa muuzaji vyote ni mtu mmoja anayesema naye, na mtu mmoja akibadilisha maneno kila unapokutana naye, unamwita nani?

Kenya tunao mfano ambao hauhitaji maelezo mengi. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, huduma yenyewe ilikuwa ngeni na ingeweza kuelezwa kwa namna kumi. Ujumbe uliotangulizwa ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kibanda cha wakala kilipakwa kijani ileile uliyoiona kwenye bango, na wakala alikufundisha kufanya jambo lilelile uliloahidiwa.

Uthabiti wa ujumbe, hata hivyo, hueleweka vibaya. Wengi hudhani ni kunakili: sentensi moja ibandikwe kila mahali. Kinachopaswa kubaki vilevile ni ahadi. Maneno hufuata mahali. Nyuma ya tuktuk, dereva wa gari linalofuata ana sekunde chache kabla ya taa kubadilika, kwa hiyo maneno matano yanatosha. Redioni kuna nusu dakika na hakuna picha. Kwenye paketi mteja ana jioni nzima ya kusoma huku akimumunya.

Hapa ndipo AIDA inapoingia. Modeli hii kwa kawaida huhusishwa na Elias St. Elmo Lewis, mtangazaji wa Kimarekani wa mwisho wa karne ya 19, na herufi zake nne, za maneno ya Kiingereza attention, interest, desire na action, zinasimamia hatua nne: kuvuta macho, kuamsha udadisi, kutia hamu, kusukuma kwenye kitendo. Sisi watu wa Mombasa tunaweza kuisoma bila kufungua kitabu. Nenda Mtaa wa Biashara, simama ng'ambo ya duka la kanga. Rangi zinakuita kabla hujajua unaitwa. Unavuka, unaanza kutazama pindo na mji, unalinganisha. Kisha unasoma jina. Hapo mnunuzi hucheka peke yake, kwa sababu amemkumbuka jirani, na kanga imeshakuwa yake kabla ya kuuliza bei. Muuzaji ameshaliona hilo; anakunja doti huku akiendelea kuzungumza.

Pia kuna alama ya mwenye kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, limejulikana vizazi kwa vizazi kwa maandishi "Mali ya Abdulla" yanayochapwa kwenye kitambaa chenyewe. Majina ya kanga hubadilika kila msimu, rangi hubadilika, alama haibadiliki, na wapo bibi zetu wasionunua mpaka waione. Huo ndio uthabiti wa ujumbe, na ulikuwepo kabla haujapewa jina la kisomi.

Turudi Makadara. Nilimshauri shangazi tuchague ahadi moja, na ubishi ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Yeye alitaka "zawadi", maana wageni ndio wenye pesa. Binamu alitaka "bei". Mimi nilisimama na "yamepikwa leo", kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kuthibitishwa: unaandika tarehe kwenye paketi, basi. Tulipoendelea kuvutana tukagundua kuwa zawadi inaweza kuishi ndani ya ahadi hiyo. Treni ya asubuhi hufika Nairobi siku hiyohiyo. Yamepikwa leo, yafike leo. Bei ndiyo haikupata nafasi, na binamu alinuna siku mbili.

Redio tuliiandika upya hivi:

*(Mwiko unagonga sufuria. Sukari inachemka.)*
BIBI: Wewe, mabuyu hayo ni ya jana?
KIJANA: Ya jana yaliisha jana, bibi. Haya yamepikwa leo.
BIBI: Na nitajuaje?
KIJANA: Tazama paketi. Tarehe hiyo hapo.
BIBI: *(anaonja, kimya kidogo)* Nipe tano. Mbili za safari.
MSIMULIZI: Mabuyu ya Makadara. Yamepikwa leo. Paketi shilingi 50. Tafuta mlango mwekundu.

Mwiko ndio unaovuta sikio; kila aliyelelewa Pwani anaujua mlio ule. Swali la bibi linaamsha udadisi kwa kuwa ndilo swali la msikilizaji. Kimya kile cha kuonja ndicho hamu, na nilikipigania, maana mtayarishaji alitaka kukijaza muziki. Kitendo ni mlango mwekundu. Tuliupaka wiki hiyo, na stika mpya za tuktuk zikawa na rangi hiyohiyo pamoja na maneno matano tu: "Mabuyu Makadara. Yamepikwa leo. Hodi!" Stika haijaribu kutia hamu. Kazi yake ni kumfanya mtu autambue mlango atakapoupita.

WhatsApp ilipewa kazi ya katikati. Binamu sasa hupiga video fupi kila asubuhi, sufuria ikiwa bado inatoa mvuke, na tarehe imeandikwa kwa chaki ukutani. Haandiki bei isiyo ya dukani. Tulimkataza pia kuwarushia watu asiowajua ujumbe kwa namba alizookota kwenye magrupu: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara, na hata bila sheria, hakuna anayempenda mgeni anayebisha hodi kwenye simu yake saa nne usiku.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa hatua ya mwisho, ambayo vitabu huipitia haraka. Till ya shangazi, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa, ilikuwa imesajiliwa kwa jina la biashara ya zamani, ya vipuri vya pikipiki. Mteja analipia mabuyu, ujumbe wa M-Pesa unarudi na jina la vipuri. "Dada, nimetuma wapi pesa yangu?" Nilimshuhudia mama mmoja akisimama dakika nzima, mabuyu mkononi, hawezi kuondoka wala kula. Alikuwa ametangaziwa vizuri, akavutwa, akatamani, akalipa, na sekunde ya mwisho imani ikatetereka kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi kwenye simu. Jina la till nalo ni tangazo. Tumelibadilisha.

Je, AIDA inatosha? Nina shaka nayo mahali pawili. Kwanza, inamchukulia kila mteja kama mgeni anayeanzia ngazi ya chini. Mtoto wa Majengo hahitaji kuvutwa macho kuhusu mabuyu. Hamu anayo tangu shule ya msingi, ulimi ukiwa mwekundu. Kwake swali ni kwa nani, na tarehe kwenye paketi inalijibu. Mgeni kutoka Nyeri ni kinyume: anaona mbegu nyekundu hajui zinatafunwa au zinamumunywa, na ukimkimbiza kwenye hamu kabla hajajua mbuyu ni mti gani, umemtisha. Kwa huyo paketi sasa ina mistari miwili nyuma: mumunya, usiivunje mbegu kwa meno. Ahadi haijabadilika, milango ya kuingilia ndiyo miwili.

Pili, modeli inaishia kwenye kununua. Mwaka 1961 Lavidge na Steiner waligawa safari hii katika hatua sita, kuanzia kufahamu hadi kununua, lakini nao waliishia palepale. Biashara ya mtaani haiishii pale.

Nalisema hilo kwa sababu ya daftari. Nilimwomba shangazi amuulize kila mnunuzi "umetusikia wapi?" na kuchora kijistari kwenye safu ya redio, tuktuk au simu. Wiki ya kwanza aliniletea daftari likiwa na safu ya nne niliyokuwa sijaichora, imeandikwa kwa mkono wake: *jirani*. Ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote. Nilimuuliza hao majirani wao walisikia wapi.

"Hilo hukuniambia niulize," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Tumeongeza swali hilo. Daftari jipya lina safu nane, na binamu analalamika kuwa foleni imekuwa ndefu kwa sababu ya maswali.