Hati ya Makubaliano kati ya Chuo cha Uuguzi na Hospitali: Rasimu ya Pili

Hati hii inafuta rasimu ya kwanza, ambayo iliibebesha Hospitali wajibu tisa na Chuo mmoja tu, "kushirikiana inapobidi". Maneno hayo yameondolewa kote kwa kuwa hayamfungi yeyote.

1. Mafunzo kwa vitendo. Hospitali itapokea wanafunzi wasiozidi 20 kwa kila awamu ya wiki 8. Chuo kitawasilisha majina yao, pamoja na uthibitisho wa chanjo ya homa ya ini aina B, siku 14 kabla ya awamu kuanza. Majina yakichelewa, Hospitali inaweza kuahirisha awamu kwa wiki 1, lakini haiwezi kuifuta.

2. Usimamizi. Hospitali itateua muuguzi msimamizi 1 kwa kila wanafunzi 5. Chuo kitaleta mkufunzi wodini siku 2 kila wiki, naye ndiye atakayejaza daftari la tathmini. Msimamizi atathibitisha mahudhurio tu. Hapa ndipo pande zote zilipokuwa zikisukumiana wajibu.

3. Gharama. Glavu na barakoa za wanafunzi zitatolewa na Chuo. Mwanafunzi akiharibu kifaa mbele ya msimamizi, gharama ni nusu kwa nusu. Akiwa ameachwa peke yake, Hospitali italipa yote.

4. Muda. Miaka 2 tangu kutiwa saini. Upande wowote unaweza kujitoa kwa notisi ya maandishi ya siku 60, ila awamu iliyokwisha kuanza itamalizwa.

Watia saini: Mkuu wa Chuo, Mganga Mfawidhi wa Hospitali.