UTARATIBU WA PICHA NA NAMBA ZA WATU HUMU KWENYE GRUPU (soma mpaka mwisho)

Assalam aleikum na habari za saa hizi ndugu zangu wa Chikongola, Shangani, Mikindani na nyie mlioko Dar na Lindi. Tumekaa maadmini wote watatu tukakubaliana, utaratibu huu unaanza leo na utabaki umepiniwa hapo juu ili asije mtu akasema hakuuona.

Grupu sasa lina watu 780 na wengi hatujuani sura. Zamani tulikuwa arobaini, ukirusha namba ya mtu unajua nani anaiona, sasa hivi hujui. Mwezi uliopita mtu aliuliza nani anauza vitenge, mwenzetu akaweka namba ya mama mmoja bila kumwambia, nia ilikuwa nzuri kabisa. Yule mama kanitumia voisi noti saa tano usiku sauti inatetemeka, anasema mwanangu tangu jana napigiwa na wanaume nisiowajua, mwingine kaniambia hela ile nitume kwenye namba hii, mwingine ananiita kwa jina la mume wangu. Iliniuma sana, na aliyeiweka ilimuuma pia, alienda kwake kumwomba radhi.

Kwa hiyo NAMBA YA SIMU YA MTU HAIWEKWI HUMU MPAKA MWENYEWE AKUBALI. Mtu akitafuta fundi, bodaboda au dalali, mwambie aache yake, wewe nenda inboksi kwa unayemjua umuulize hivi: "Shikamoo mama, kuna mtu kwenye grupu la mtaa anatafuta vitenge, nimpe namba yako yeye peke yake au niiweke grupu zima, au nisitoe kabisa?" Subiri jibu. Tiki mbili za bluu si jibu, kunyamaza si kukubali, na akikubali apewe mtu mmoja usiirushe kwa watu 780. Namba ya biashara ambayo mwenyewe kaiandika kwenye bango la duka lake haina shida.

PICHA nazo hivyo hivyo, unamuuliza kila anayeonekana sura, sio yule rafiki yako tu aliyekaa katikati. Mtoto anaulizwa mzazi au mlezi wake. Mgonjwa kitandani, maiti na ajali havipostiwi, kuna watu wamejua msiba wa ndugu yao kupitia simu kabla familia haijawapigia, hili tusirudie.

Na hapa naomba tuelewane vizuri maana likizo ndio hiyo inakuja na ngoma zitaanza. Picha za ndani ya jando na unyago hazipostiwi humu KABISA hata kama mzazi kasema sawa, ya ndani yabaki na makungwi na wazee. Siku mwali anatolewa nje, kapambwa, kavaa kanga mpya, watu wanamtunza, hiyo ni furaha ya wote lakini bado muulize mama yake na muulize mwali mwenyewe, maana picha hiyo atakutana nayo akiwa sekondari na wenzake wanaipitisha darasani.

Msimu wa korosho pia, ukipiga picha karatasi ya malipo ya mnada kutuonyesha bei, ziba jina, namba ya akaunti na kilo. Matapeli wanasoma humo nani kalipwa halafu wanampigia wakijifanya watu wa chama cha msingi. Ukiokota kitambulisho cha NIDA andika jina tu, zile namba usizionyeshe. Ukipata meseji ya utapeli ifowadi kwenda 15040, ni bure.

Skrinishoti za maongezi ya inboksi na kuchukua picha humu kupeleka kwenye stetasi yako au grupu lingine, ni ruhusa ile ile. Anayetafutwa kwa kupotea, picha iletwe na familia yenyewe, akipatikana tunaifuta siku hiyo hiyo.

Mtu akisema "naomba mtoe picha yangu" inatolewa, haulizwi kwa nini, hata kama jana alikubali. Ukishindwa kuifuta mwambie admini yeyote, tunaweza kufuta sisi. Kosa la kwanza tunafuta na kukuambia inboksi, sio kukuaibisha mbele ya watu. La pili unatoka kwenye grupu mwezi mzima. Picha ya utupu ya mtu yeyote unatoka moja kwa moja bila onyo, na aliyedhulumiwa akienda polisi maadmini tutakuwa mashahidi wake.

Wanaosema tunajifanya serikali, jueni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya kila mtu.

Picha na namba za zamani tunapitia wiki hii. Kama yako ipo humu na hukuulizwa, tuandikie inboksi, ukiona aibu kumwandikia mwanaume kuna admini mwanamke, mwandikie yeye.